Maji Yatatokea Wapi

Bebesha udongo wa mfinyanzi uliojaa maji mzigo mpya, na mwanzoni punje zake hazihisi chochote. Maji ndiyo yanayoubeba. Yamebanwa katika vitundu vidogo mno baina ya punje, hayabonyei, wala hayana pa kwenda kwa haraka, kwa hiyo shinikizo lake hupanda kwa kiasi kilekile cha mzigo uliowekwa juu. Kisha huanza kutoka polepole kuelekea popote penye upenyo, na kadiri yanavyoondoka huziachia punje sehemu ya mzigo. Punje husogeleana, na ardhi hutitia. Shinikizo la ziada likiisha, sehemu kubwa ya kutitia imekwisha pia, na barabara au jengo lililo juu hutulia.

Wahandisi huuita mwenendo huu konsolidesheni. Maswali yake ni mawili: ardhi itatitia kiasi gani, na itachukua muda gani. La kwanza ni gumu kidogo, lakini mtu yeyote mwenye vipimo hulifikia. La pili ndilo lililomtia umaarufu Karl Terzaghi, mzaliwa wa Prague wa 1883, aliyekuwa akifundisha Robert College huko Istanbul alipochapisha jibu lake mwaka 1923. Alitambua kwamba shinikizo la maji hupungua ndani ya udongo kwa sheria ileile ambayo joto hupungua ndani ya bamba la chuma, na hesabu ya joto ilikuwa imeshatatuliwa na Wafaransa karne moja nyuma. Alichobakiwa nacho ni kuthibitisha kwamba udongo unaitii. Miaka miwili baadaye akatoa kitabu kizima huko Vienna.

Jibu lenyewe linaingia katika mstari mmoja:

```
T = cv × t / H²
```

Hapo t ni muda. cv ni tabia ya udongo wenyewe, yaani jinsi unavyopitisha maji na jinsi unavyobonyea, vikichanganywa kuwa namba moja. H ni urefu wa njia ya maji: safari ndefu kuliko zote ambayo maji yoyote ndani ya tabaka yanalazimika kuisafiri kabla ya kufika penye upenyo. T, kigezo cha wakati, haina mita wala mwaka ndani yake. Ikifika 0.197, nusu ya kutitia imetimia. Ikifika 0.848, imetimia asilimia 90. Namba hizo mbili ni zilezile kwa kidonge cha udongo kilicho mezani na kwa tabaka la mita ishirini chini ya mji.

Nimekaa na mstari huu miaka mingi, na bado kinachonivutia ni kile kipeo juu ya H. Sababu yake inafahamika bila hesabu. Tabaka likiwa nene mara mbili, maji yanayopaswa kutoka ni mara mbili. Tena yana safari ya mara mbili, na shinikizo lilelile likitandazwa juu ya safari ndefu zaidi huyasukuma kwa nusu ya nguvu. Maji maradufu, kwa mwendo wa nusu: muda unakuwa mara nne. Ndiyo maana mhandisi mwenye uzoefu akipewa ripoti ya kuchimba visima vya uchunguzi hatafuti kwanza namba za udongo. Anatafuta maji yatatokea wapi.

Namba ya cv hutafutwa kwa mashine inayoitwa edometa, na anayeiendesha ndiye fundi ninayemheshimu kuliko wote katika kazi hii. Anapokea bonge lililotolewa ardhini bila kuvurugwa, limefungwa nta ili lisikauke. Analikata kwa pete ya chuma yenye kipenyo cha milimita 75 na kimo cha milimita 20, akipunguza pembeni kidogo kidogo, kwa sababu kisu kikipita kwa papara hupaka uso wa udongo na kuziba vile vitundu ambavyo maji yatapitia. Juu na chini anaweka mawe yenye vinyweleo, yaliyochemshwa kutoa hewa. Maji yana milango miwili, na kila upande yana safari isiyozidi milimita 10. Hiyo ndiyo H ya maabara.

Kisha anashusha mzigo kwenye mkono wa mashine na kusoma geji: baada ya sekunde 15, dakika 1, dakika 2 na robo, dakika 4, dakika 6 na robo, dakika 9, na kuendelea. Mtu asiyejua hudhani saa hizo zimechaguliwa ovyo. Chukua kipeuo chake cha pili: nusu, moja, moja na nusu, mbili, mbili na nusu, tatu. Fundi anachora kutitia dhidi ya kipeuo cha pili cha muda, kwa kuwa nadharia inasema sehemu ya kwanza ya safari, hadi kama asilimia 60, itakuwa mstari ulionyooka kwenye karatasi hiyo. Baadaye mstari unajipinda. D. W. Taylor wa chuo cha MIT ndiye aliyeonyesha jinsi ya kupata asilimia 90 kutoka mpindo huo: unachora mstari wa pili kutoka sifuri ileile, umbali wake wa ulalo ukiwa mara 1.15 ya ule wa kwanza, na pale unapokatana na vipimo ndipo penye jibu. Mzigo huachwa saa 24, kisha unaongezwa maradufu, na kazi inaanza upya. Kipande kimoja cha udongo hula zaidi ya wiki nzima, na hakuna njia ya kuharakisha isiyoharibu jibu.

Tuseme mkato umeangukia dakika 45. Huko nje tabaka letu lina unene wa mita 4, nalo lina upenyo juu na chini, kwa hiyo H yake ni mita 2, sawa na mara 200 ya ile ya mezani. Mara 200 katika kipeo ni mara 40,000. Dakika 45 mara 40,000 ni dakika milioni 1.8, ambazo ni siku 1,250, takriban miaka mitatu na miezi mitano. Sijui kazi nyingine inayovuka kutoka dakika za mezani hadi miaka ya ardhini kwa hesabu fupi hivyo, na kwa ujasiri unaostahili.

Sasa twende Kitengela, maana huko ndiko nadharia hii inakotaka mtu mwenye macho. Ukitoka Nairobi kwa barabara ya Namanga, tambarare yote hadi karibu na Isinya imefunikwa na udongo mweusi wa pamba. Kila mwenye ploti anaujua. Kiangazi unapasuka nyufa zinazomeza mkono, masika unavimba na kuinua sakafu, na desturi ya mafundi ni kuuchimba wote hadi moramu au mwamba wa volkano kabla ya kuweka msingi. Mwenye nyumba akiona ufa juu ya dirisha humwuliza injinia, "Sasa hii itaacha kutitia lini?" Jibu la kweli ni kwamba hakuna kutitia kwa Terzaghi hapo. Udongo ule sehemu kubwa ya mwaka haujajaa maji. Vitundu vyake vina hewa, na hewa inabonyea papo hapo. Nyumba inapanda na kushuka na majira, na majira hayana asilimia 90.

Edometa yenyewe hukiri jambo hili, ukijua kuitazama. Kipande kikavu cha Kitengela kikimwagiwa maji ndani ya pete hakishuki, kinasukuma geji juu, na fundi hulazimika kuongeza vyuma kimoja baada ya kingine ili kukizuia. Uzito wa kukizuia ndio kipimo cha nguvu ya kuvimba, na hicho ndicho anachohitaji mwenye ploti. Fundi asiyejali anaweza kuendelea, akasoma muda, akapata cv na kuiandika kwenye ripoti kwa desimali tatu. Lakini mchoro unamsuta: badala ya mstari ulionyooka kutoka mwanzo, kuna mporomoko wa ghafla katika sekunde za kwanza, kisha karibu hakuna kitu. Hapo hakuna maji yaliyokuwa yakisafiri, kwa hiyo hakuna safari ya kupima.

Ukifika Kajiado mjini, mwamba umebadilika. Huko ni miamba ya kale zaidi, ileile inayotoa mawe ya marumaru, na udongo ulio juu yake mara nyingi ni mwekundu na wenye mchanga. Kutitia kwake huisha karibu pamoja na ujenzi. Tatizo letu halipo huko wala kwenye tambarare kavu. Lipo katika mabonde: pale ambapo kijito au dimbwi la msimu limekuwa likikusanya mfinyanzi uliosombwa, chini ya usawa wa maji, ukabaki umeloa mwaka mzima. Waliokuwa Kitengela wakati wa mvua za 2024 wanajua mabonde hayo yako wapi, kwa sababu maji yaliyaonyesha. Barabara ikilazimika kuvuka bonde kama hilo juu ya tuta, hapo Terzaghi ana kazi.

Basi tulijenge tuta la kubuni. Kimo chake ni mita 3, la moramu, pana kuliko unene wa mfinyanzi ulio chini yake mara nyingi. Upana huo ni muhimu: ukiwa katikati ya tuta pana, maji hayawezi kutoroka kwenda pembeni, yanapanda au yanashuka tu, na hapo ndipo nadharia ya mwelekeo mmoja inaposema kweli. Chini ya msingi mwembamba wa nguzo ingedanganya. Uzito wa tuta ni kama kilopaskali 60, tabaka ni zile mita 4, na vipimo vya kubonyea vinasema kwamba hatimaye ardhi itatitia milimita 120. Kwa cv tuliyoipata, ambayo ni kama mita ya mraba moja kwa mwaka, hesabu inategemea kitu kimoja: kilicho chini ya mfinyanzi.

Kama chini kuna tufu iliyooza, yenye changarawe, maji yana milango miwili na tunangoja miaka mitatu na miezi mitano kama tulivyoona. Kama mfinyanzi umekaa juu ya fonolaiti nzima isiyo na ufa, mlango ni mmoja tu. H inakuwa mita 4 na kungoja kunakuwa zaidi ya miaka kumi na tatu. Kama katikati ya tabaka lenye milango miwili unapita mshipa wa mchanga uliotandazwa na mafuriko ya zamani, nao unatokeza mahali fulani kando ya tuta, basi H ni mita 1 na asilimia 90 inafika katika miezi kumi. Udongo ni uleule, mzigo uleule, na kutitia kwa mwisho ni kulekule. Ni miezi kumi au miaka kumi na tatu.

Mshipa huo unaweza kuwa na unene wa kidole. Chombo cha kuchimbia kikipita harakaharaka, msimamizi akiandika "mfinyanzi mweusi, mita 0 hadi 4", umepotea. Wale ninaowastahi huupasua udongo kwa urefu, huuacha ukauke kidogo, kisha huutazama upya siku ya pili, kwa sababu mchanga hukauka kabla ya mfinyanzi na mstari wake hujitokeza kwa rangi hafifu. Hilo ni jambo dogo linalobadilisha jibu mara nne, na hakuna mashine inayolifanya badala ya mtu. Hata akiuona, bado ana swali moja: je, mshipa unafika nje? Mshipa uliokatika ndani ya mfinyanzi ni chumba kisicho na mlango, haufupishi safari ya maji hata kidogo.

Kwa kuwa swali hilo haliwezi kujibiwa kwa kisima kimoja, ardhi yenyewe huulizwa. Kabla ya kumwaga moramu, bamba la chuma huwekwa juu ya mfinyanzi, nondo ikapandishwa kutoka kwake hadi juu ya tuta, na kimo cha nondo kikapimwa kila juma dhidi ya alama iliyowekwa mbali, kwenye mwamba. Hapa ule mstari ulionyooka wa maabara unarudi kuwa na kazi. Tuta letu, likijengwa kwa haraka, baada ya mwezi mmoja litakuwa limetitia kama milimita 20 ikiwa milango ni miwili. Ikiwa ni mmoja, kama milimita 10. Ikiwa mshipa unafanya kazi, karibu milimita 40. Mwezi mmoja unatosha kutenganisha hadithi tatu ambazo mwisho wake umepishana kwa zaidi ya miaka kumi. Kuna pia ukaguzi wa pili: katika sehemu hii ya mwanzo kutitia kunafuata kipeuo cha pili cha muda, kwa hiyo milimita 20 za mwezi wa kwanza lazima ziwe karibu 40 mwezi wa nne. Zikiwa 60, kuna jambo lingine. Huenda mfinyanzi unatoroka kwenda pembeni chini ya ukingo wa tuta, na hiyo ni dalili ya kuporomoka.

Mara nyingi ardhi huenda kasi kuliko maabara ilivyotabiri, na sababu ni ya haki: kipande cha milimita 20 hakina mizizi, nyufa za kale wala mishipa ambayo bonde zima linayo. Lakini si vizuri kutegemea bahati hiyo. Kibaya zaidi ni kuchukua cv kutoka jedwali la kitabu, kwa kulinganisha unyevu wa udongo na udongo wa nchi nyingine. Terzaghi mwenyewe alijifunza hapa kwetu kwamba majedwali yana mipaka. Katika miaka ya 1950 alikuwa mshauri wa bwawa la Sasumua huko Kinangop, linalopeleka maji Nairobi. Mfinyanzi wa pale, kwa vipimo vya kawaida vya kuuainisha, ulionekana kuwa wa kuogopwa, ilhali ulikuwa imara na ulishindiliwa vizuri. Alieleza katika makala yake ya 1958 kwamba madini yake, haloisaiti, hukaa katika vifungu vigumu vyenye vitundu, si punje moja moja. Mtu aliyeianzisha sayansi hii alikuwa tayari, akiwa na zaidi ya miaka sabini, kuuacha udongo wa Kinangop umfundishe.

Turudi kwenye tuta, maana mkandarasi hawezi kungoja miaka mitatu kumwaga lami. Njia iliyozoeleka ni kubebesha ardhi zaidi ya inavyostahili: ongeza mita 3 nyingine za udongo juu, uzito uwe kilopaskali 120, na kutitia kwa mwisho kungekuwa kama milimita 240. Tunazitaka 120 tu, yaani nusu, na nusu inafika T ikiwa 0.197, baada ya miezi tisa na nusu. Kisha unaondoa udongo wa ziada na kuweka lami. Kabla ya hapo, bila shaka, mtu awe amehakikisha kwamba mfinyanzi laini unaweza kubeba mita 6 bila kukatika, la sivyo tuta litateleza na mjadala wa muda utakuwa umekwisha.

Hesabu hiyo ya miezi tisa na nusu ina kasoro ambayo bamba la juu haliwezi kuionyesha. Nusu ni wastani wa tabaka zima. Karibu na milango maji yameshatoka na punje zimebeba karibu mzigo wote. Katikati, mahali pa mbali kuliko pote, asilimia 78 ya shinikizo bado ipo. Katika zile kilopaskali 120, punje za pale zimebeba kama 27 tu, nazo zitatakiwa kubeba 60 za tuta la kudumu. Ukiondoa udongo siku hiyo, kingo za tabaka zitavimba kidogo, na kiini kitaendelea kutitia chini ya lami mpya.

Kwa hiyo anayeijua kazi huzika piezometa katikati ya mfinyanzi, mita 2 chini, kabla tuta halijaanza, na kuisoma pamoja na bamba. Hangoji milimita 120. Anangoja shinikizo la ziada la pale katikati lishuke hadi kilopaskali 60, ili kila punje katika tabaka iwe imewahi kubeba angalau ule mzigo itakaobaki nao. Nadharia inasema hilo hutokea T ikiwa karibu 0.38, ambayo kwa bonde letu ni mwaka mmoja na nusu, bamba likisoma takriban milimita 163. Kama miezi hiyo kumi na minane ni mingi mno kwa mradi, anachobakiwa nacho ni kuishika H yenyewe: mikanda ya plastiki yenye mifereji ndani, iliyoshindiliwa wima hadi chini ya mfinyanzi kila mita moja na nusu hivi, ili maji yaache kupanda na kushuka, yaende pembeni hatua chache tu hadi mkanda ulio karibu.